Pete ya Staa Imekuwa Nyeusi Mkasema Feki? Kaeni Hapa Niwaambie Habari za Silva

Ule ubuyu wa pete mliula wote, msijifanye hamjui. Staa mmoja wa kike, jina kapuni, alipiga picha ameshika glasi ya juisi, mtu akazumu kidole, akazungushia duara jekundu, basi mji ukalipuka. Pete ya uchumba imekuwa nyeusi! Komenti zikafika mamia kabla ya saa sita mchana. "Kavalishwa bati." "Mwanaume kamuingiza mjini." "Dada rudisha pete, rudisha na mwenyewe." Wengine wakaweka na bei, eti ni pete za elfu tano za pale Kariakoo.

Mimi nilisoma zile komenti nikiwa kibandani kwetu Sinza, kati ya Mori na Kumekucha, ambako mimi na baba mdogo tunatengeneza na kuuza vitu vya silva. Nikacheka kwanza, halafu nikasikitika. Kwa sababu jamani, pete kuwa nyeusi sio ushahidi kwamba ni feki. Silva ya kweli, ile yenyewe kabisa yenye muhuri wa 925, inakuwa nyeusi. Chuma cha pua kinabaki kinang'aa mwaka mzima, silva haibaki. Kwa hiyo mngetaka kumsema huyo kaka wa watu, mngetafuta sababu nyingine.

Siku tatu baadaye yule dada alishuka kwenye bajaji mbele ya kibanda, kavaa baibui na miwani mikubwa. Akakaa kwenye stuli, akatoa kimfuko cha kitambaa kwenye pochi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, niambie ukweli tu. Ni silva au sio silva?" Nikamwona macho yamevimba. Ameniruhusu niandike haya, ila jina lake na la mchumba wake yatabaki kapuni hivyo hivyo, msinisumbue inboksi.

Tuanze na weusi wenyewe. Hiyo namba 925 maana yake ni kwamba katika sehemu elfu moja za ile pete, sehemu 925 ni fedha halisi na zilizobaki, mara nyingi, ni shaba. Fedha tupu ni laini mno, pete ingepinda ukishika tu mlango wa daladala, ndo maana inachanganywa. Sasa fedha ina adui mmoja mkubwa, salfa. Hewani kuna gesi yenye salfa kidogo, na hiyo ikigusa fedha inatengeneza utando mwembamba sana juu yake. Unaanza na umanjano kama chai ya rangi, unaenda kahawia, mwisho unakuwa mweusi. Sio kutu, na sio uchafu wa kuoga. Ni fedha yenyewe imeungana na salfa. Unyevunyevu wa Dar unaharakisha mambo, ndo maana cheni iliyokaa vizuri kwa dada yako Dodoma inakuja huku na kugeuka ndani ya wiki chache.

Nikamuuliza dada, "Nywele unapaka mafuta gani?" Akashangaa pete na nywele vinahusianaje. Kumbe tangu afumue rasta alikuwa anapaka yale mafuta ya ngozi ya kichwa yenye salfa, kila usiku, kwa vidole, pete ikiwa mkononi. Basi jibu likawa limepatikana hapo hapo. Sabuni ya salfa ya chunusi inafanya hivyo hivyo. Mayai na vitunguu navyo vinachangia, na mpira pia, kwa hiyo usivae glavu za mpira ukiwa na pete, wala usifunge bangili zako na rababendi.

Baba mdogo akaichukua pete, akaiweka kwenye kioo cha kukuzia. Muhuri upo, lakini muhuri peke yake hauaminiki maana hata feki wanagonga muhuri. Akaangalia sehemu inayosuguana na kidole cha pembeni, pale ambapo pete huchakaa kwanza. Kama ingekuwa shaba iliyopakwa rangi ya fedha, pale pangeonekana wekundu au umanjano unachungulia. Hapakuwa na kitu, ni weupe mpaka ndani. Akaijaribu na sumaku, haikushikwa. Sumaku nayo ina kikomo chake, ikinasa ujue sio silva, isiponasa bado inaweza kuwa shaba, kwa sababu shaba nayo hainaswi. Ila ukijumlisha vyote, jibu likawa wazi. "Mama, hii ni silva," baba mdogo akamwambia. "Na hili jiwe si la kuchezea. Hii ni tanzanaiti."

Hapo dada akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Akasimulia kwamba jiwe lile mchumba wake aliachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa dalali wa madini kule Mererani. Kijana hakuwa na hela ya dhahabu, akaenda kwa sonara akalitengenezea pete ya silva. Halafu akatuambia kitu ambacho kilinifanya niache hata simu. Asubuhi ya siku hiyo, kule saluni anakotengenezewa kucha, walikuwa wamempa ofa. Wana kimashine cha kusafishia vito, wanatumbukiza pete dakika tano inatoka mpya, bure kabisa. Alikuwa apitie kwetu kwanza, halafu jioni aende huko.

Nikamwambia dada, usiende. Nitarudi hapo, maana hapo ndo penye uzito wa stori yote. Kwanza tumwage kimfuko chake mezani, kwa sababu mlikuwa na vitu vitatu na kila kimoja kinasafishwa kivyake: cheni ya silva isiyo na kito chochote, ile pete ya tanzanaiti, na hereni za silva zenye lulu nusu alizonunua Unguja.

Cheni ndo kazi rahisi. Vitu vya silva tupu, visivyo na jiwe wala gundi wala rangi, vinaweza kusafishwa kwa ile njia ya karatasi ya foili mnayoiona kila siku mtandaoni. Ni njia ya kweli, ila watu wanaifanya nusu nusu. Kwanza unaiosha cheni kwa maji na tone moja la sabuni ya vyombo ili kutoa mafuta na losheni, maana penye mafuta dawa haifiki. Halafu unachukua bakuli la kioo au plastiki ngumu, unatandaza foili ndani mpaka chini. Unamwaga nusu lita ya maji yaliyochemka, unaweka vijiko viwili vikubwa vya beking soda na kijiko kidogo cha chumvi, inatoa povu kidogo inatulia. Ninaposema beking soda namaanisha beking soda. Sio beking pauda ya keki, na tafadhali sana sio kostiki soda ya watengeneza sabuni, hiyo itakula mikono yako.

Kisha unalaza cheni juu ya foili. Lazima iguse foili, hapo ndo wengi wanapokosea. Kinachofanyika pale ni kwamba ile salfa inaachana na fedha na inahamia upande wa alumini, lakini inahitaji fedha na alumini viwe vinagusana ndani ya yale maji ili njia ipatikane. Cheni ikielea au ikikaa kwenye sahani, utasubiri mpaka maji yapoe. Ikigusa, ndani ya dakika mbili tatu unaona weusi unafifia na unasikia kaharufu ka mayai viza. Usiogope, hiyo ndo salfa inaondoka, fungua tu dirisha. Ukiona sehemu imebaki, igeuze iguse foili upande wa pili. Ukimaliza, suuza kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa cha pamba mpaka katikati ya vipete vya cheni, ndo uipitishe kitambaa cha kung'arishia.

Uzuri wa njia hii ni kwamba fedha iliyogeuka nyeusi inarudi kuwa fedha, haikwanguliwi ikaishia kwenye kitambaa. Ubaya wake ni miwili. Inaacha uso umefifia kidogo, ndo maana lazima umalizie na kitambaa. Pili, haichagui. Kama una bangili ya zamani ya Zanzibar au ya Omani yenye nakshi, ule weusi ulio ndani ya michoro fundi aliuweka makusudi ili maua yaonekane. Ukiitumbukiza kwenye foili, unatoa bangili nyeupe pee, bapa, kama mfuniko wa sufuria. Bibi aliyekurithisha atakulaani. Bangili za namna hiyo unafuta juu tu kwa kitambaa, mabondeni unaacha.

Na wale wa dawa ya meno, naomba tusikilizane. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia, na silva ni laini. Inang'aa siku hiyo kwa sababu umekwangua, halafu ukiiangalia juani unaona mikwaruzo kama sakafu iliyosuguliwa na mchanga. Majivu ni hivyo hivyo. Jiki ndo kabisa msiiguse, klorini inaishambulia silva na kuifanya iwe nyeusi zaidi na kuila. Hata ukiwa unafua mashuka meupe, vua pete.

Sasa pete. Kwa pete yenye tanzanaiti hakuna foili, hakuna maji ya moto, hakuna mashine, na hakuna ile dawa ya chupa ya kuchovya silva, kwa sababu nyingi zina asidi. Ili mnielewe, niwaambie kidogo kuhusu hili jiwe letu. Tanzanaiti imeanza kujulikana mwaka 1967, na duniani kote inachimbwa sehemu moja tu, vilima vya Mererani wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, pale ambapo Serikali ilizungushia ukuta mwaka 2018. Kwa uzuri haina mpinzani. Kwa ugumu ni jiwe la wastani, kwenye kile kipimo ambacho almasi ni 10, yenyewe iko kati ya 6 na 7. Lakini shida yake kubwa sio kukwaruzika. Shida ni kwamba ndani yake ina upande mmoja ambao inapasuka kirahisi, kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi zake. Ukiigonga vibaya upande huo, au ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitia kwenye baridi ghafla, inaachia.

Sasa ile mashine ya saluni, ambayo wenye maduka makubwa wanaiita altrasoniki, inafanyaje kazi? Ni kabeseni ka chuma chenye maji na sabuni, chini yake kuna kifaa kinachotetemeka haraka mno. Nyingi zinatetemeka kama mara 40,000 kwa sekunde moja, sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, unasikia mluzi tu kwa mbaaali. Mtetemo huo unatengeneza vipovu vidogo sana ndani ya maji, na vipovu vinapopasuka kila kimoja kinapiga kangumi kadogo. Mamilioni ya vingumi hivyo yanatoa uchafu kwenye pembe ambazo mswaki haufiki. Kwa cheni ya dhahabu tupu ni mashine nzuri sana, sina ugomvi nayo. Kwa jiwe lenye kaufa ndani, au lenye upande dhaifu kama tanzanaiti, ni kama kulipeleka kwenye barabara ya vumbi ndani ya daladala isiyo na shoku. Kaufa kadogo kanatembea na kuwa ufa.

Mwaka jana alikuja mama mmoja mtu mzima, anakaa maeneo ya Kijitonyama, na pete ya dhahabu yenye tanzanaiti ya ukubwa wa punje ya mbaazi. Alikuwa ameipeleka kusafishwa sehemu moja hivi, wakaitia kwenye mashine bila hata kumuuliza ni jiwe gani. Alituletea akilalamika kwamba "jiwe limeingia unywele". Tukamulika na tochi ya simu tukaona mstari mwembamba umekatiza katikati ya jiwe. Ukiliinamisha, ule mstari unametameta kama kipande cha kioo chenye rangi za upinde wa mvua. Hiyo ndo dalili ya ufa, maana uchafu haumetameti, na kitu kilichokuwemo ndani ya jiwe tangu zamani mara nyingi ni nukta au vumbi, hakikati kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna gundi wala mafuta ya kurudisha jiwe hilo. Kinachobaki ni kulikata upya lipungue, kama kuna bahati. Mama alikaa kwenye ile ile stuli, akaivua miwani, akasema tu, "Ilikuwa ya miaka ishirini na tano ya ndoa." Hatukuwa na la kumwambia.

Na kinachouma zaidi ni hiki: ile mashine haitoi hata weusi wa silva. Inatoa mafuta, losheni, ngozi na vumbi. Weusi sio uchafu uliokaa juu, nimeshawaambia, ni fedha iliyoungana na salfa, na vipovu haviwezi kuwaachanisha. Wanaoonyesha video silva nyeusi inaingia kwenye mashine na kutoka nyeupe, mara nyingi ndani ya maji kuna dawa ya kemikali, na ni ile dawa inayofanya kazi. Kwa hiyo dada angehatarisha jiwe la marehemu mkwe wake kwa kitu ambacho kisingemsaidia hata kidogo.

Sisi tuliisafisha hivi, na hata wewe nyumbani unaweza. Usifanyie juu ya sinki, jiwe likichomoka utalifuata kwenye chemba. Tandika taulo mezani, weka bakuli mbili za maji ya kawaida ya bomba, sio ya friji na sio ya birika. Kabla ya kuilowesha, baba mdogo aliitikisa pete karibu na sikio. Ikilia tik tik, kucha zinazoshika jiwe zimelegea na kazi inaishia hapo, unampelekea sonara azibane kwanza. Haikulia. Akaligusa jiwe kwa ncha ya kijiti cha meno kuona kama linacheza, halikucheza. Mimi nikapiga picha za karibu, tochi ikimulika kutoka pembeni, ili baadaye tulinganishe.

Bakuli la kwanza likapata tone moja la sabuni ya maji. Pete ikakaa humo dakika tano kulainisha yale mafuta ya nywele. Halafu nikachukua mswaki wa mtoto, ule laini kabisa, nikasugua taratibu, hasa chini ya jiwe kwa nyuma. Wengi wanasugua juu tu, kumbe jiwe linafifia kwa sababu ya mafuta yaliyoganda mgongoni, mwanga hauingii ukarudi. Nikasuuza kwenye bakuli la pili, nikakausha. Hapo jiwe likawa limeshaamka, zambarau na bluu zikabishana kila ukigeuza, lakini silva bado nyeusi.

Weusi wenyewe tulitoa kwa kitambaa cha kung'arishia silva, ambacho kina dawa tayari ndani yake. Maduka ya vifaa vya masonara wanavyo, na usikifue maana ukikifua umemwaga dawa. Nikakata kipande, nikakizungushia kwenye ncha ya kijiti ili niingie kati ya kucha bila kupanda juu ya jiwe. Unasugua kwa kwenda na kurudi kufuata mduara wa pete, huzungushi zungushi kama unasugua sufuria, kwa sababu mizunguko inaacha alama. Kitambaa kikawa cheusi tii, ndo kazi inakwenda. Kumbuka kila unapofanya hivi unaondoa fedha kidogo sana, kwa hiyo kitambaa ni cha mara moja moja, maji na sabuni ndo vya mara kwa mara. Na jiwe usilifute likiwa kavu lina vumbi. Vumbi letu hili lina chembe za mchanga ambazo ugumu wake ni 7, na tanzanaiti yako nimeshawaambia inafika wapi. Lioshe kwanza ndo ulifute.

Kazi ilichukua kama dakika arobaini. Pale kwenye kona za ndani kabisa, chini ya kucha, weusi kidogo ulibaki. Baba mdogo akasema uachwe. Kuufuata kwa ncha ya kitu kigumu ni kuligusa jiwe, na hakuna anayeangalia huko isipokuwa wenye kuzumu picha za watu.

Zikabaki hereni. Zile lulu nusu za Unguja, ambazo kina mama wa Fumba wamekuwa wakizifuga kwenye chaza, mtu anaziona ngumu kama kokoto. Sio. Lulu ni tabaka juu ya tabaka za kitu cha jamii ya chokaa, na hizi za nusu zina ziada: ni kuba jembamba, ndani limejazwa, nyuma limefungwa kwa kipande cha ganda, vyote vimeshikwa na gundi. Ukiweka kwenye mashine, gundi inaachia au kuba linapasuka. Ukiweka kwenye limau au siki, ile chokaa inaanza kuliwa na mng'ao hauludi tena maisha. Ukiweka kwenye foili na maji ya moto, gundi inalainika. Kwa hiyo tulifuta lulu kwa kitambaa laini chenye unyevu tu, silva tukaisugua pembeni kwa kijiti chenye kitambaa, tukaziacha zikauke zenyewe mezani, basi. Lulu ndo ya mwisho kuvaa na ya kwanza kuvua: pafyumu kwanza, losheni kwanza, ndo hereni.

Kabla hujampa mtu pete yako aitumbukize popote, jua una nini. Tanzanaiti na lulu nimezimaliza. Zumaridi nayo usiiruhusu, kwa sababu nyingi zina nyufa za asili ambazo zimejazwa mafuta ili zisionekane, na mashine inayatoa yale mafuta, unarudishiwa jiwe limejaa nyufa unadhani umebadilishiwa. Opali pia hapana, inapasuka. Marijani, kaharabu na feruzi ni laini, hazitaki. Rubi ni ngumu, lakini zipo nyingi za bei nafuu ambazo nyufa zake zimejazwa kioo, hizo nazo hapana. Na chochote kilichobandikwa kwa gundi badala ya kushikwa na kucha, iwe kina thamani au ni cha elfu kumi, kitaachia tu. Hata almasi, ambayo yenyewe inavumilia, kama kucha zimelegea mtaitafuta chini ya beseni. Sonara wa kweli atakuuliza ni jiwe gani na ataliangalia kwa kioo kabla ya kuwasha mashine. Anayekunyang'anya tu na kutumbukiza, mdai pete yako, mwambie asante kaka, nimekumbuka nina haraka.

Dada aliondoka na maelekezo machache ya kutunza. Mafuta ya nywele apake pete ikiwa mezani. Asiiweke bafuni, maana mvuke wa bafu la Dar ni unyevu juu ya unyevu. Akivua kwa muda mrefu, aifute, aitie kwenye kimfuko cha plastiki cha kufunga kwa juu, atoe hewa, aweke na kile kipakiti kidogo kinachokuja kwenye maboksi ya viatu, kinanyonya unyevu. Kila kitu kimfuko chake, tanzanaiti isikae na cheni ikasuguana nayo. Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kuivaa. Silva inayovaliwa na kufutwa kila siku haipati nafasi ya kuwa nyeusi kama ile inayofichwa kabatini ikisubiri harusi za watu.

Nilimuuliza kama atapiga picha awajibu mliomsema. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Nitampigia simu yeye tu, maana nimemnunia tangu Jumapili." Akafunga kimfuko, akanunua na kitambaa kimoja cha kung'arishia, akaita bajaji. Saluni hakwenda.

Haya, na nyie semeni. Kabatini kwako una jiwe gani, na nani mara ya mwisho alilitia kwenye maji gani? Andikeni hapo chini aina ya jiwe na hali yake kabla hamjafanya lolote, tutajibizana mimi na baba mdogo. Bei ya pete ya mtu msiniulize.